Uzi: Databesi, skani na Eksel zote kwa baketi moja, ofisi imelala. Shida ni obyekti, bloku ama faili?

KaraniKilindini
Wadau hamjambo. Niko ofisi ya kliaringi hapa mjini Mombasa, sio IT kwa cheo lakini ndo mimi huitwa kila kitu kikikwama manake najua kuwasha rauta. Hadithi yenyewe ni hii. Tulikuwa na kompyuta ya Windows kwa kona, inabeba skani zote za wateja, bili za shehena, entri za forodha, invoisi, kama faili milioni moja na laki nne hivi, jumla GB 400. Bosi akasema hiyo kompyuta ikifa tumekufa nayo, na kweli, akaleta kijana wa kandarasi atupeleke klaudi.

Kijana akafungua baketi ya S3 ya Amazon huko Cape Town, akaimaunti kwa s3fs, programu ya kuionyesha baketi kama folda, kwenye VPS yetu, ile seva ya kukodi, akaimaunti tena kwa kijikompyuta cha Linux hapa ofisini na kukishea kwa Samba, sisi twaona drive Z kama kawaida. Halafu kwa sababu "hii storeji haijai" akahamisha na databesi ya Postgres ya ule mfumo wetu wa kufuatilia mizigo humo humo, GB 40. Na zile Eksel za kila siku ambazo watu kumi na mmoja tunazigombania pia humo.

Wiki mbili baadaye: folda yafunguka kwa dakika nzima, Eksel ya Jumanne ya mwenzangu imefunikwa na yangu, kazi yake yote imepotea, na jana asubuhi databesi imekataa kuamka kabisa. Logi yasema hivi

```
PANIC:  could not fsync file "base/16384/24601": Input/output error
```

Kijana hashiki simu. Nimesoma soma mtandaoni naona maneno matatu, obyekti, bloku, faili, kila mtu aeleza kama mtihani. Nataka kujua tu, tulikosea wapi na kila kitu kiende wapi.

likoni_dev
Pole bro. Shida ni S3 haina uhakika, ukiandika kitu halafu ukisome papo hapo waweza kupewa cha zamani. Ndo maana Eksel zimefunikana. Hama uende bloku, chukua diski moja kubwa ya bloku uiunganishe kwa VPS na kwa hiyo kompyuta ya ofisi zote mbili, kwisha maneno. Bloku ndo ina spidi.

FundiDiski
likoni_dev umepata moja umekosa mbili. Kweli databesi inataka bloku. Lakini hiyo ya kusoma cha zamani ilikuwa zamani, tangu Desemba 2020 S3 ukimaliza kuandika, anayesoma baada yako anapata kipya. Na hiyo ya kuunganisha diski moja kwa mashine mbili tafadhali mtu asiifanye, ntarudi kuieleza manake hapo ndo watu huzika data.

Karani, bandari waijua kuliko mimi kwa hivyo wacha nianzie huko.

Obyekti ni kontena limepigwa sili. Lina namba, yadi inalipokea, inalipa nafasi, ukija na namba unapewa kontena zima. Yadi haijui ndani mna nini na haitakufungulia ubadilishe katoni moja. Wataka kubadilisha katoni moja? Lete kontena jingine zima lenye namba ile ile, la kwanza litolewe. Kwa skani ya PDF hii ni sawa kabisa, nani anabadilisha bili ya shehena ya mwaka juzi? Inaandikwa mara moja inasomwa mara chache basi.

Bloku ni kiwanja kitupu kilichopimwa vipande vilivyo na namba. Hakuna nyumba, hakuna mlango. Mfumo wako wa Linux ndo unajenga juu yake, ext4 ama XFS, na wenyewe unashika ramani ya nini kiko wapi. Uzuri wake wabadilisha kipande kimoja bila kugusa vingine. Postgres inafanya kazi kwa kurasa za kilobaiti 8, inaenda katikati ya faili inabadilisha kilobaiti 8 inatoka, mara elfu kwa siku mara laki.

Faili, hii ya Samba na NFS, ni masijala. Kuna karani mmoja dirishani, wote mwamuomba yeye. Yeye ndo ajua faili fulani limeshikwa na fulani, wewe subiri. Kiwanja kiko nyuma yake lakini hamukanyagi nyinyi.

Sasa kijana wenu alichofanya ni kuchukua yadi ya makontena akaipaka rangi ifanane na masijala. s3fs inakuonyesha folda lakini nyuma hakuna folda, kuna makontena na namba tu.

mwanachuo_TUM
samahani kwani flashi diski ni gani kati ya hizo? tuna CAT wiki ijayo

FundiDiski
Flashi yenyewe ni bloku. Ukiiformati ndo inapata faili juu yake. Ukiishea kwa netiweki wale wengine wanaona huduma ya faili. Kitu kimoja, inategemea wasimama wapi ukikitazama.

KaraniKilindini
Nimeshika hiyo ya kontena, asante sana. Lakini basi mbona databesi ilifanya kazi wiki mbili? Ingekataa siku ya kwanza ningeelewa.

FundiDiski
Swali zuri. s3fs haipeleki kila herufi Cape Town, inaweka kwanza kwenye diski ya hapo hapo ya VPS, halafu programu ikisema "hii ihifadhi kweli kweli sasa" ndo inasukuma. Hiyo kusema kweli kweli ndo fsync unayoiona kwa logi. Postgres ina tabia moja, haimwambii mtu "nimehifadhi" mpaka diski imeapa kwamba imeandika. Kila muamala kiapo.

Tuseme kutoka kwenye VPS hadi Cape Town kwenda na kurudi ni milisekunde 80, upime yako kwa ping. Hata kama kila kiapo kingekuwa safari moja tu, mtu mmoja hawezi kuhifadhi zaidi ya miamala 12 kwa sekunde. Na sio safari moja. Postgres inakata jedwali kubwa kwa faili za GB 1 kila moja. Ukibadilisha kurasa moja ya kilobaiti 8 ndani ya faili hiyo, upande wa yadi lazima itengenezwe obyekti mpya nzima ya GB 1. s3fs ina ujanja wa kumwambia S3 "vipande vya zamani viunge wewe mwenyewe nami nakuletea hiki kilichobadilika", kwa hivyo si lazima isafirishe GB nzima, lakini kipande cha chini cha kupakia ni MB 5. Megabaiti 5 kwa ajili ya kilobaiti 8! Na ujanja ukishindikana inapanda nzima, kwa laini ya megabiti 20 hiyo ni dakika saba na ushee. Faili moja.

Mwanzo mlikuwa na miamala michache, mkavumilia mkidhani ni intaneti. Jana pengine foleni ikawa ndefu, laini ikakatika kidogo tu, s3fs ikarudisha kosa, na Postgres tangu matoleo ya 2019 ikiona kiapo kimevunjika haijadiliani, inajizima. Afadhali hivyo kuliko iendelee na data nusu.

Ukitaka kuona kwa macho yako, kuna kifaa kinakuja na Postgres yenyewe:

```
pg_test_fsync -f /mnt/baketi/jaribio
pg_test_fsync -f /var/lib/postgresql/jaribio
```

Linganisha ops/sec za juu na chini. Hutahitaji mtu kukueleza tena.

Bi_Seva
Naomba niongeze kabla hajagusa kitu. Karani, hiyo data ya Postgres iliyo kwa baketi usijaribu kuiwasha tena hapo hapo. Zima, chukua nakala ya folda nzima kwa diski ya kawaida, jaribu kuiamsha huko. Na uliza kama kijana aliacha ile ya zamani kwa Windows ama alifuta. Wengi huacha.

KaraniKilindini
Ameacha alhamdulillahi, ni ya wiki mbili nyuma. Najaribu hiyo nakala kwanza.

studio_bamburi
Mimi napiga harusi, na hii mada imenigusa. Nina video TB 6, nimeambiwa obyekti ndo rahisi, naediti moja kwa moja kutoka kwa baketi lakini taimlaini inagwaya gwaya. Ninunue laptopu ingine?

Bi_Seva
Laptopu haina kosa hapo. Kuediti video ni kuruka ruka ndani ya faili, nyuma mbele nyuma mbele, kila ukiruka ni ombi jipya linalovuka bahari. Kazi unayoishika leo iweke kwa SSD ya karibu, ama kama mko wawili watatu wekeni NAS hapo studio. Harusi ikishakabidhiwa ndo iende kwa baketi, na mteja umpe linki ya muda asiingie kwa akaunti yako. Linki hizo za S3 mwisho ni siku saba, usimuahidi bibi harusi mwaka mzima.

Na jingine, unabadilisha majina ya folda?

studio_bamburi
Kila mara, jina la mteja likikosewa mama mtu hukasirika

Bi_Seva
Kwa diski kubadilisha jina la folda ni kufuta kibao cha mlango na kuandika kingine. Kwa baketi hakuna folda, kuna picha 3000 ambazo kila moja jina lake refu linaanza na jina la mteja. Kubadilisha ni kunakili zote 3000 kwa jina jipya kisha kufuta zile 3000. Laini ikikatika katikati una nusu huku nusu kule. Tumia namba ya kazi, sio jina la mtu, jina libaki kwenye daftari lako.

Na uangalie upakiaji uliokatika njiani. Video kubwa inapanda vipande vipande, ukizima laptopu katikati vile vipande vinabaki kwa baketi, huvioni ukiorodhesha lakini walipia kila mwezi. Kuna kanuni ya kuwekwa kwa baketi inaitwa `AbortIncompleteMultipartUpload`, iweke siku 7.

studio_bamburi
nimeangalia sasa hivi. GB 210 za vipande. wallahi nimelia

MzeeWaTudor
Vijana mwaisifu sana hiyo obyekti lakini mtu asidhani bloku na faili ni za wazee. Mimi nilikuwa naendesha mfumo wa skani mahali fulani miaka hiyo, mfumo unatengeneza kipicha kidogo cha kila ukurasa, kilobaiti sita hivi. Diski ya GB 40. Siku moja hakuna kinachoandikika, "No space left on device". Natazama `df -h`, imetumika asilimia 55! Nikaiwasha upya, nikafuta logi, nikaita mtu, kumbe nafasi ipo lakini inodi, zile nafasi za kusajili faili, zimekwisha. ext4 ukiiumba bila kuiambia kitu inatenga inodi moja kwa kila kilobaiti 16, diski ya GB 40 inapata milioni mbili na laki sita hivi, na kila faili hata liwe dogo kama punje linakula moja. `df -i` ndo ilinionyesha 100%.

Na huwezi kuziongeza kwa diski iliyoshaumbwa, labda uikuze diski yenyewe ama uiformati upya. Tulikesha.

likoni_dev
sa mzee si ndo hoja yangu, hiyo obyekti haina inodi

MzeeWaTudor
Haina, lakini subiri nimalize. Baadaye tulivihamisha vipicha hivyo kwa baketi, na mtu akaona tuviweke kwenye daraja la bei nafuu, ile Standard-IA ya vitu visivyoguswa sana. Hiyo inahesabu kila obyekti kuwa kilobaiti 128 hata ikiwa na sita. GB 15 za vipicha zikalipiwa kama GB 320. Bei kwa GB ilishuka nusu, bili ikapanda mara kumi na kitu. Nikaitwa ofisini.

Dawa yake ilikuwa kuvifunga vipicha vya hati moja pamoja. Kontena moja la katoni mia.

FundiDiski
Haya narudi kwa ile ya diski moja mashine mbili kama nilivyoahidi.

Nimesema bloku ni kiwanja na ramani anaishika anayejenga. Ramani hiyo ya ext4 iko kwenye kumbukumbu ya mashine, sio kwenye diski tu. Sasa unganisha kiwanja kwa mashine A na B, zote zimaunti. A inaona kipande cha 5000 kiko wazi, inajenga. B ramani yake ni ya asubuhi, inaona pia 5000 kiko wazi, inajenga juu ya nyumba ya A. Hakuna mtu wa kuwagombeza, diski yenyewe haijui nyumba ni nini. Siku ya kwanza utaona kitu kidogo tu, umeandika faili kwa A na B hailioni. Siku ya tatu `ls` inakuambia `Structure needs cleaning`, na `dmesg` imejaa `EXT4-fs error`. Hapo tayari.

Baadhi ya klaudi zinakuruhusu kuunganisha hivyo, AWS wana aina za io1 na io2 zinazokubali, ndo watu wanadhani ni sawa. Inaruhusiwa kwa sababu ipo mifumo iliyojengwa kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, GFS2, OCFS2. ext4 na XFS hazimo. Na kwa Karani hilo halingewezekana hata tukitaka, diski ya klaudi huiungi na kompyuta iliyo Moi Avenue, hata ndani ya AWS kwenyewe diski na seva lazima ziwe eneo moja.

Wakitaka watu wengi washiriki, mashine moja ndo imaunti diski, halafu hiyo mashine iwe karani wa masijala, NFS ama Samba. Kazi ya faili ni hiyo tu, kuweka karani mbele ya kiwanja.

likoni_dev
Sawa hiyo sikuijua nakubali. Lakini basi Eksel zilifunikana vipi kama S3 siku hizi ina uhakika? na Samba si ilikuwepo?

FundiDiski
Samba ilikuwepo ofisini, kweli, na watu wawili wa ofisini wakifungua Eksel moja wa pili angeambiwa imeshikwa. Karani uliifungua kutoka wapi siku hiyo?

KaraniKilindini
Mimi nilikuwa nyumbani nimeingia kwa VPS.

FundiDiski
Ndo hapo. VPS ilimaunti baketi kivyake, haipiti kwa karani wa ofisini. Masijala mbili, stoo moja, makarani hawajuani. s3fs wenyewe wameandika wazi kwamba mashine mbili zikimaunti baketi moja hakuna uratibu kati yao. Mwenzako alileta kontena saa nne, wewe ukaleta lako saa tano lenye namba ile ile, yadi ikatii. Uhakika wa S3 wasema utaona kontena la mwisho, hausemi litakuwa la nani.

Tangu 2024 S3 inakubali sharti, "pokea hii kama ile ya zamani bado ni ile niliyoiona mimi". Lakini lazima programu iliandike sharti hilo yenyewe. Eksel juu ya drive Z haijui habari hizo.

Na ile folda ya dakika nzima: S3 inaorodhesha vitu 1000 kwa ombi moja, halafu s3fs kwa kila faili inauliza tena mwenyewe nani, ukubwa gani, tarehe gani. Folda ya faili laki mbili ni maswali laki mbili. Angalia pia kama VPS ina `updatedb` inazunguka usiku, itakuwa inatembelea baketi nzima kila siku, iambie iiruke baketi kwenye `/etc/updatedb.conf`.

Bi_Seva
Karani kwa hivyo mimi ningeweka hivi. Postgres irudi kwa diski ya bloku ya VPS. Skani zibaki kwa baketi lakini bila s3fs, mfumo wenu uzichukue kwa API, na ndani ya databesi mwandike namba ya obyekti tu. Eksel zirudi kwa diski ya ile kompyuta ya ofisini na Samba juu yake, usiku zinakiliwe kwa baketi. Aliye nyumbani aingie kwa VPN apite kwa Samba ile ile, asiwe na mlango wake.

Pesa nazo, hizi ni bei za AWS Virginia ninazozijua, Cape Town iko juu zaidi. GB 400 za skani kwa S3 ya kawaida ni kama dola 9 kwa mwezi, kwa diski ya gp3 ni 32 na unailipia yote hata ikiwa tupu, kwa EFS ambayo ni faili ya kukodi ni 120. Lakini siku mtakayotaka kuzishusha zote GB 400 mtalipa kama dola 27 za kutoka. Hiyo mwambie bosi mapema.

KaraniKilindini
Bosi atauliza, mbona hizo skani zisikae hapa hapa ofisini kwa MinIO, ile programu ya kujiendeshea baketi kwa mashine zako mwenyewe, tusilipe mtu wa Cape Town. Nyaya za baharini zatua hapa hapa Mombasa lakini zikikatika twakaa giza. Na data ni ya wateja.

MzeeWaTudor
Naungana na bosi. Meli inataka kushuka mzigo, wewe waambia wateja subirini kebo itengenezwe?

Bi_Seva
Na stima ikienda? Na bomba la AC likivuja juu ya hiyo kompyuta? MinIO kwa diski moja ni obyekti kwa jina tu, ile kinga ya kusambaza nakala kwa mashine kadhaa hamna. Mtakuwa mmerudi kwa kompyuta ya kona mkaibadilisha jina.

MzeeWaTudor
Diski nne, mashine mbili, UPS. Sio ghali.

Bi_Seva
Na nani ataziangalia mzee, wewe? Karani mwenyewe kasema anajua kuwasha rauta.

likoni_dev
😂😂 mpeni mzee kazi

FundiDiski
Hapo mimi sitoi hukumu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina masharti yake kuhusu data ya watu kutoka nje ya nchi, muulizeni mwanasheria wenu, mimi ni mtu wa diski. Baadhi huweka kote kuwili, mpya za miezi mitatu hapa, zote kule.

KaraniKilindini
Mrejesho. Nakala ya Postgres nimeiweka kwa diski ya kawaida, imegoma, faili kama sita zina urefu pungufu. Nimerudi kwa ile ya Windows ya wiki mbili nyuma na tumeingiza upya entri za siku hizo kwa mkono kutoka kwa karatasi, watu watatu siku mbili. Sasa inaruka. pg_test_fsync: kwa diski imenipa elfu moja na mia nne na kitu, kwa baketi 3. Tatu!

Bakapu nimeandika hii iende usiku, niko sawa?

```
pg_dump -Fc forodha | aws s3 cp - s3://nakala-db/forodha-$(date +%F).dump
```

FundiDiski
Wazo ndilo, dampu ni kontena haswa, laandikwa mara moja halibadilishwi. Lakini skripti iwe ya bash, na juu yake weka `set -o pipefail`. Bila hiyo pg_dump ikifa katikati, upande wa kulia unaona tu kwamba data imekwisha, unapakia nusu na kusema nimefaulu. Hata na pipefail ile nusu bado itakuwa imepanda, tofauti ni kwamba utajua.

Na usijaribu bakapu kwa `pg_restore -l` ukaridhika. Orodha iko kichwani mwa faili, itatoka nzima hata mkia ukiwa umekatika. Irudishe kweli kwa databesi ya majaribio uhesabu safu.

mwanachuo_TUM
kwa hivyo nikiulizwa databesi naandika bloku, skani obyekti, Eksel faili?

Bi_Seva
Andika na sababu, mwalimu wako sio mshenzi.

KaraniKilindini
Nimerudi tena samahani. Skani sasa mfumo wazichukua kwa API, spidi nzuri, lakini 312 zinarudisha `NoSuchKey`. Nimeingia kwa baketi nimeziona kwa macho, zipo! Mfano databesi yasema `2021/BL_0231.PDF`.

MzeeWaTudor
Na kwenye baketi imeandikwaje, herufi kwa herufi?

KaraniKilindini
`2021/bl_0231.pdf`... ah.

MzeeWaTudor
Windows ilikuwa yakusamehe miaka yote hiyo. Yadi haisamehi. Usibadilishe kwa baketi, badilisha kwenye databesi, ni rahisi zaidi. Lakini kabla ya kugeuza zote ziwe herufi ndogo angalia kama hakuna mbili zinazotofautiana kwa herufi tu, manake hizo zaweza kuwa hati mbili za wateja wawili.

KaraniKilindini
Ziko nne za hivyo. Naenda kutoa karatasi kabatini.